SOMO: Kuthibitisha kwamba picha ilikuwepo kabla ya tukio

Tangu Jumatatu nimeulizwa swali hili hili mara sita, tatu zikiwa kwenye kikundi cha mtaa wetu hapa Kayole: nitajuaje kama picha inayodaiwa kuwa ya tukio fulani ilikuwepo kabla ya tukio hilo? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki ya somo hili.

Tunachotafuta ni kitu kimoja tu: nakala ya picha iliyohifadhiwa na mtu asiyehusika, ikiwa na tarehe ambayo mwenye picha hawezi kuigusa, na tarehe hiyo iwe kabla ya tukio. Ukiipata, madai yamekwisha. Huhitaji kujua nani aliipiga wala wapi.

1. Pata nakala kubwa na safi kuliko zote. Kama ni skrinshoti, kata maandishi na kingo.

2. Itafute kwa picha yenyewe. Anza na TinEye, upange matokeo kwa "Oldest", kisha Google Lens. Tarehe ya TinEye ni siku ambayo roboti lao liliiona picha kwa mara ya kwanza. Inaweza kuwa ilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo.

3. Tafuta kwa maneno, ukiweka ukomo wa tarehe. Elezea kinachoonekana kwenye picha, usitumie maneno ya madai:

```
lori tope barabara mafuriko before:2024-04-28
```

Rudia kwa Kiingereza, na kwa lugha ya nchi unayoishuku. Hapa Google inafuata tarehe ya ukurasa jinsi inavyoielewa yenyewe. Haijui picha iliwekwa lini ndani ya ukurasa huo. Kwa hiyo hatua hii inakupa mahali pa kuchimba, haikupi jibu.

4. Nakili anwani ya ukurasa ulioupata, ibandike kwenye web.archive.org, yaani Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandao, uchague kwenye kalenda nakala iliyohifadhiwa kabla ya tukio.

5. Angalia tarehe ya picha yenyewe, si ya ukurasa. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Maji yalipoifagia Mai Mahiu alfajiri ya 29 Aprili 2024, picha zilimiminika kwenye vikundi. Moja ilionyesha lori limelala ubavu, tope limefika kwenye madirisha. Aliyeituma alisema ni ya huko. Mimi nikaitafuta. TinEye haikuwa na kitu. Lens ikanipeleka kwenye tovuti ndogo ya wasafirishaji, ukurasa wenye tarehe ya Novemba 2016, na picha ile ile ya lori juu kabisa. Nikaufungua kwenye Wayback Machine, nakala ya 2016 ikafunguka, lori likaonekana. Nikaandika mbele ya watu zaidi ya mia mbili kwamba picha ni ya zamani na aliyeituma anapotosha.

Picha ilikuwa ya kweli. Aliyeituma, mama mmoja, aliipiga kwa simu yake asubuhi ile, alikuwa ameenda kumtafuta ndugu yake. Nilimwita mwongo siku ambayo hakupaswa kusikia neno lolote baya kutoka kwa mtu yeyote. Nilimwomba radhi hapo hapo kwenye kikundi na baadaye ana kwa ana.

Kosa lilikuwa hili. Ukurasa kwenye hifadhi si kitu kimoja. Maandishi ni faili moja, na kila picha ni faili nyingine yenye anwani yake. Roboti la hifadhi huzichukua kila moja kwa wakati wake, na pengine hupita miaka kati ya moja na nyingine. Ukifungua nakala ya 2016 na picha yake ya 2016 haikuhifadhiwa, Wayback Machine huchukua picha ya anwani ile ile yenye tarehe iliyo karibu zaidi, hata kama ni ya miaka minane baadaye. Unaona maandishi ya 2016 na picha ya 2024 zimekaa pamoja kana kwamba zilizaliwa siku moja.

Na mwenye ile tovuti alikuwa na mazoea yaliyonimaliza. Picha yake ya juu iliitwa `habari-kuu.jpg`, na kila alipopata picha mpya aliipa jina hilo hilo na kufuta ya zamani. Aliichukua ile ya lori kwenye mitandao kama wengine, akaiweka pale, na kurasa zake zote, hata za 2016, zikaanza kuionyesha. Tarehe ya ukurasa haikubadilika kwa sababu maandishi hayakuguswa.

Jinsi ya kugundua: ukiwa kwenye nakala, bonyeza "About this capture" upande wa juu kulia. Itatoka orodha ya faili za ukurasa, na kila moja imeandikwa imepishana na ukurasa kwa muda gani. Tofauti ya saa chache au siku kadhaa ni kawaida. Ukiona miaka, simama.

Kisha fungua picha peke yake kwenye kichupo kipya na usome anwani iliyotokea:

```
web.archive.org/web/20240502061244im_/https://...
```

Zile tarakimu 14 ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Hata kama ulianza na anwani ya 2016, hifadhi hukuhamishia kwenye tarehe halisi ya faili. Yangu ilikuwa 2 Mei 2024, siku tatu baada ya tukio. Ningebonyeza mara moja tu ningeiona.

Saa hizo ni za UTC, kwa hiyo ongeza 3 kupata za Nairobi. Tarakimu zinazosema 28 Aprili saa 22:30 ni 29 Aprili hapa kwetu, saa saba na nusu usiku. Kwa picha ya miaka kumi iliyopita haijalishi. Kwa picha inayobishaniwa kwa saa chache, hapo ndipo hukumu ilipo.

6. Andika ulichokipata kwa ukubwa wake tu. Kwa mfano: "Faili ya picha hii ilihifadhiwa na Wayback Machine tarehe 14 Mei 2018, kwa hiyo haiwezi kuwa imepigwa Aprili 2024." Weka linki ya picha yenyewe pamoja na ya ukurasa. Usiongeze kwamba ni ya nchi fulani au ya mafuriko fulani kama hujathibitisha hilo kivyake.

---

Maswali ya wanachama

Kamaa_Stage: Hii ni ya lini? Nimeituma inbox.

Mwandishi: Hatua ya 2. Ukikwama, rudi na kile ulichokipata.

Kamaa_Stage: Si ungeangalia tu haraka.

Mwandishi: Hapana.

Wakili wa Mtaa: Kaka, naona unazungusha watu. Google yenyewe inaandika tarehe pembeni ya tokeo. Kama imeandika 2015, ni 2015.

Mwandishi: Mimi pia Google ilinionyesha 2016. Nimeeleza yaliyofuata kwenye hatua ya 5. Tarehe ile ni ya maandishi. Picha inaweza kubadilishwa kesho, na hata ile unayoiona inaweza kuwa ya habari nyingine iliyopachikwa kando ya makala ya zamani. Kama umesoma na bado unaona nazungusha, nionyeshe ukurasa wako tuupime pamoja.

Nyambura_K: Asante sana kwa somo. Natumia simu, na ile "About this capture" siioni. Nifanyeje?

Mwandishi: Karibu, dada. Kwenye skrini ndogo upau wa juu mara nyingi hubanwa. Usiutafute. Bonyeza picha kwa kushikilia, chagua kuifungua kwenye kichupo kipya, kisha gusa anwani juu uisome yote. Tarakimu 14 zitakuwa pale. Kwa kweli njia hii ni imara zaidi, kwa sababu inakupa tarehe ya faili moja unayoitaka bila kukuchanganya na nyingine.

Nyambura_K: Nimejaribu, imekubali! Lakini picha moja ina nakala nne, za 2017, 2019 na mbili za 2024. Nitajuaje kama ni picha ile ile miaka yote na si kama ya yule bwana wa habari-kuu?

Mwandishi: Swali zuri mno. Njia ya kwanza ni kufungua zote nne na kuzitazama. Njia ya pili ni kuiomba hifadhi orodha yake. Weka hii kwenye kivinjari, ukibadilisha anwani ya mwisho iwe ya picha yako:

```
https://web.archive.org/cdx/search/cdx?fl=timestamp,digest&url=mfano.org/picha.jpg
```

Utapata mistari, kila mmoja una tarakimu 14 na mfuatano mrefu wa herufi. Mfuatano ule hukokotolewa kutokana na faili yenyewe. Ukifanana kati ya 2017 na 2024, faili haikubadilika hata chembe. Ukitofautiana, usikimbilie kusema picha ni nyingine, maana hata kuipunguza ukubwa na kuihifadhi upya kunaubadilisha. Hapo ndipo unarudi kufungua na kutazama kwa macho.

Nyambura_K: Miwili ya kwanza inafanana, ya 2024 ni tofauti. Nimefungua. 2024 wameikata tu pembeni, ni picha ile ile.

Mwandishi: Basi una ushahidi wa 2017. Tumia linki ya 2017.

Otis254: Nimetafuta kote, hakuna nakala ya zamani. Kwa hiyo picha ni mpya na madai ni ya kweli, sivyo?

Mwandishi: Sivyo. Roboti halipiti kila mahali. Vikundi vya WhatsApp haliingii, na sehemu kubwa ya Facebook haimo. Kukosa nakala kunamaanisha umekosa nakala, basi. Njia hii inaweza kuangusha dai, haiwezi kulithibitisha.

Mama Tasha: Je, posti ya Facebook yenye tarehe ya 2019 inatosha?

Mwandishi: Peke yake hapana, mama. Wenye kurasa huko wanaweza kurudisha tarehe ya posti nyuma. Tafuta tarehe ya maoni ya watu wengine chini yake, kisha uone kama kuna nakala kwingine.

Mdau_Githurai: Ya X je? Kuna njia ya kujua kama tarehe imechezewa?

Mwandishi: Hapo una bahati. Namba ndefu mwishoni mwa anwani ya posti hubeba wakati ndani yake, na aliyeposti hawezi kuibadilisha. Kwa Python:

```
n = 0  # weka namba ya posti hapa
print((n >> 22) + 1288834974657)
```

Jibu ni milisekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa UTC. Ligawe kwa 1000, kisha ulibadilishe kuwa tarehe. Inafanya kazi kwa namba za kuanzia Novemba 2010.

Mdau_Githurai: Safi. Na video za YouTube? Nimeona moja ya 2013, picha ya jalada ni ya maandamano ya juzi.

Mwandishi: Picha ya jalada hubadilishwa wakati wowote, na kichwa pia. Tarehe ya 2013 ni ya video. Itazame video mpaka mwisho. Kama picha ile haimo ndani, tarehe ile haihusiani nayo.

Mdau_Githurai: Haimo. Nimeitazama yote, dakika 11.

Mwandishi: Kabla hujaandika chochote, peleka anwani ya ukurasa ule kwenye web.archive.org/save. Wakishtuka wataibadilisha tena jalada, na kesho hutakuwa na cha kuonyesha.