Kifaransa cha mapokezi: ukichelewa kufika hotelini na bado unataka chumba kisicho na kelele

Kabla ya sentensi zenyewe kuna kitu ujue: anayefika usiku sana anapewa chumba kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi ni kile cha upande wa barabara au kilichobanana na lifti, kwa hiyo ombi la chumba kimya lifanye kwenye simu, usisubiri mpaka ufike.

Hatua ya 1: Piga simu ukishajua tu utachelewa

Hoteli ndogo nyingi mapokezi yanafungwa usiku, na usipotoa taarifa wanaweza kudhani huji tena wakampa mtu mwingine chumba. Sema hivi:

*Bonjour madame, j'ai une réservation pour ce soir au nom de Juma. Je vais arriver tard, vers vingt-trois heures trente. Pourriez-vous garder ma chambre, s'il vous plaît ?*

Yaani una buking ya leo usiku kwa jina la Juma, utachelewa, utafika kama saa tano na nusu usiku, unaomba wakutunzie chumba. Akiwa mwanaume ni *monsieur* (mesyö). *Pourriez-vous* tamka "puriye vu", na ndo inayobeba adabu yote hapo, ukisema *je veux*, nataka, inasikika kama unaamrisha.

Sasa hapo kwenye saa ndo wengi wetu tunapigwa. Sisi saa tano usiku, ukiitafsiri kichwani inatoka *cinq heures*, na mwenzio anaandika saa kumi na moja alfajiri! Tumia saa 24: saa nne usiku ni *vingt-deux heures*, saa tano *vingt-trois heures*, saa sita *minuit*, sita na nusu *minuit et demi*.

Wakikwambia utaje herufi za jina, angalia J na G, kwa Kifaransa J inatamkwa "ji" na G ndo "je" (hiyo j laini, ulimi usigonge juu), ukizichanganya hawakupati kwenye kompyuta.

Kisha uliza *La réception sera encore ouverte ?*, mapokezi yatakuwa bado wazi? Wakisema hapana, watakupa namba ya siri ya mlango, *le code*, na namba za Kifaransa kwa simu ni balaa (97 wanasema nne-ishirini-kumi-na-saba), we omba tu waitume: *Pourriez-vous me l'envoyer par message ?*

Hatua ya 2: Simu hiyohiyo, omba chumba

*Et si c'est possible, j'aimerais une chambre calme, plutôt côté cour, loin de l'ascenseur.*

*Côté cour* (kote kur) ni upande wa uani, ndani ndani, kinyume chake *côté rue*, upande wa barabara. Ukisema tu *calme* kila mtu ana utulivu wake, ila ukisema *côté cour* mtu wa mapokezi anajua kabisa achague vyumba vipi. *Loin de l'ascenseur* ni mbali na lifti. Hiyo *si c'est possible* usiiache, inampa nafasi ya kukataa bila kuona aibu, na mtu wa namna hiyo huwa anajitahidi.

Hatua ya 3: Umefika

Salamu kwanza, hata kama umechoka na mabegi yanakuangusha. Ukianza na jina lako bila *bonsoir* umeshaharibu.

*Bonsoir monsieur, excusez-moi d'arriver si tard. J'ai une réservation au nom de Juma.*

Na ni *vous* muda wote, *s'il vous plaît*, usije ukasema *s'il te plaît* kwa mtu usiyemjua hata kama ni kijana.

Hatua ya 4: Chumba kina kelele

Ingia, funga dirisha, sikiliza dakika moja kabla hujafungua begi wala kukalia kitanda, maana chumba ambacho hakijaguswa ni rahisi kukibadilisha. Rudi chini:

*Excusez-moi de vous déranger encore. La chambre donne sur la rue et il y a beaucoup de bruit. Auriez-vous une chambre plus calme ?*

Yaani samahani kumsumbua tena, chumba kinatazama barabara na kuna kelele nyingi, je wana chumba kimya zaidi? Ona kwamba unalaumu barabara, humlaumu yeye. Akijibu *je vais voir*, anaenda kuangalia, subiri. Akisema *nous sommes complets*, wamejaa, na usiku anayekaa pale mara nyingi yuko peke yake, kubishana hakuzai chumba. Jibu:

*Je comprends. Est-ce que je pourrais changer demain ?*

Umeelewa, unauliza kama unaweza kuhama kesho. Kama unalala usiku mmoja tu basi omba vya kuziba masikio, *Auriez-vous des bouchons d'oreilles ?*, hoteli nyingine wanavyo pale kaunta, kisha *merci, bonne nuit* ukapande zako.