Roboti inayorudia njia ileile: kusahihisha kila mzunguko kwa kosa la uliopita

Tuchukue roboti inayopaka gundi kwenye ukingo. Mzunguko mmoja ni sekunde 2, na mkao wake unasomwa mara 1000 kwa sekunde. Kidhibiti cha kiwandani tunakiacha kama kilivyo. Tunaongeza tu masahihisho `u` juu ya njia tunayoiamuru.

1. Mwanzo uwe mmoja. Kila mzunguko uanzie mkao uleule, roboti ikiwa imetulia kabisa.

2. Pima ucheleweshaji. Iamuru iende kwa kasi isiyobadilika, kisha utazame imebaki nyuma kiasi gani. Ikiwa kwa 100 mm/s inabaki nyuma 2 mm, imechelewa ms 20, yaani sampuli 20. Kosa unaloliona sasa lilisababishwa na amri ya sampuli 20 zilizopita, na huko ndiko masahihisho yanakopaswa kwenda.

3. Sahihisha mzunguko ukishakwisha. Hapa `e` ni njia uliyoitaka kutoa njia iliyopitwa, `d` ni 20, na `u` ya mzunguko wa kwanza ni sifuri tupu:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import butter, filtfilt

b, a = butter(2, 10, fs=1000)
es = np.r_[e[d:], np.full(d, e[-1])]
u = filtfilt(b, a, u + 0.5*es)
```

4. Kichujio. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bila kichujio, kosa hushuka vizuri mizunguko michache ya kwanza, nawe unadhani umemaliza. Ukiiacha iendelee, linaanza kupanda, mota zinavuma, na mchoro wa `u` unaota meno madogomadogo. Sababu ni kwamba ucheleweshaji uliopima ni wa mwendo wa polepole. Kwenye mitikisiko ya haraka roboti huchelewa tofauti, hivyo sahihisho linafika wakati kosa limeshageuka upande, na badala ya kulipunguza linaliongeza. Kwa kuwa huanza dogo mno, huchukua mizunguko mingi kuonekana.

Chuja jumla yote, `u + 0.5*es`. Ukichuja kosa peke yake, meno yaliyokwisha kuingia kwenye `u` hayatoki kamwe; unachelewesha tu uharibifu. Tena tumia `filtfilt`, si `lfilter`: ya pili inaongeza ucheleweshaji wake, na kipimo chako cha sampuli 20 kinakuwa si kweli tena. Kuchuja mbele na nyuma kunawezekana kwa sababu mzunguko mzima tayari umerekodiwa.

Anza na kichujio kinachokata mitikisiko iliyo juu ya kikomo cha Hz 10. Endesha mizunguko 30 na uandike wastani wa kosa wa kila mmoja. Usipopanda, ongeza Hz 2 na urudie. Ukipanda, rudi Hz 2 nyuma. Gharama yake ni kwamba kosa la kona kali, lililo juu ya kikomo hicho, litabaki.

5. Hifadhi `u`. Kosa likiacha kushuka, zima kujifunza. Ukibadilisha njia, kasi au mzigo, anza upya na `u` ya sifuri.