SOMO: Jinsi ya kuhakiki filamu ya maisha ya mtu kwa nyaraka (mfano: Freddie Mercury)

Wakuu, hili nalibandika ili siku nyingine nikiulizwa nielekeze hapa tu. Kila filamu ya Bohemian Rhapsody ikirudiwa kwenye runinga, maswali ni yaleyale mawili: je, bendi ya Queen ilivunjika kweli kabla ya tamasha la Live Aid, na je, Freddie, mwimbaji wake, alijua ana virusi vya Ukimwi alipopanda jukwaani siku ile? Majibu nitayatoa humu humu, lakini kwanza mwone njia, maana kesho mtakuja na filamu nyingine.

Hatua ya 1. Chagua dai moja. "Filamu ni ya kweli?" si dai.

Hatua ya 2. Andika kipande kinaanza dakika ya ngapi, nani anasema nini, na kama kuna mwaka ulioandikwa kwenye skrini.

Hatua ya 3. Geuza kipande kiwe sentensi yenye wakati. Filamu mara nyingi haizui tukio lote, inachukua tukio la kweli na kulihamisha. Kwa hiyo usiishie kuuliza "lilitokea?", uliza "lilitokea kabla ya lipi na baada ya lipi?" Mfano mwepesi: filamu inaonyesha We Will Rock You ikitungwa, na skrini inasema 1980, Freddie ana masharubu tayari. Chukua santuri yenyewe usome lebo: albamu ya News of the World ni ya 1977. Wimbo ni wa kweli, mwaka umesogezwa. Vivyo hivyo umati wa Rio ukiimba Love of My Life: filamu imeuweka miaka ya sabini, wakati tamasha la Rock in Rio lilifanyika kwa mara ya kwanza Januari 1985.

Hatua ya 4. Tafuta karatasi iliyotengenezwa wakati uleule, na mtu asiyejua kwamba siku moja kutakuwa na filamu. Tiketi, tangazo la onyesho, kijitabu cha ziara, gazeti la kesho yake, lebo ya santuri, daftari la usajili.

Tufanye dai la kwanza. Filamu inasema Freddie alisaini mkataba wa kuimba peke yake, wenzake wakachukia, wakaachana, kisha wakakutanishwa tena kwa ajili ya Live Aid, 13 Julai 1985, wakiwa hawajapiga pamoja muda mrefu. Sasa panga karatasi mezani. Albamu ya The Works ilitoka Februari 1984. Ziara yake ilianzia Brussels Agosti 1984, Januari 1985 wako Rio, Aprili wako Australia, Mei wako Japani. Miezi miwili kabla ya Live Aid walikuwa jukwaani pamoja. Albamu ya Freddie peke yake ilitoka mwishoni mwa Aprili 1985, katikati ya ziara hiyohiyo. Na hakuwa wa kwanza: Roger Taylor alishatoa albamu yake mwaka 1981, na Brian May alitoa santuri yake fupi 1983. Dai limekanushwa, na hatukuhitaji kumhoji mtu yeyote.

Zaidi ya hapo, filamu inajisuta yenyewe. Wanapofika uwanja wa Wembley kwa Live Aid wanapiga Radio Ga Ga na Hammer to Fall. Zote mbili zimetoka kwenye The Works. Mara nyingi ushahidi wa kwanza uko ndani ya filamu, ukiwa na subira ya kusikiliza.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi tunaangukia, mimi nikiwamo, kwa hiyo someni polepole. Kwa kila chanzo uliza mambo matatu: nani ameandika, ameandika lini, na yeye alijuaje. Sio chanzo kina umaarufu gani.

Onyo la kwanza: filamu ilitoka Oktoba 2018. Makala nyingi zilizoandikwa baada ya hapo zimekula kwenye sahani ya filamu. Ukisoma ukurasa wa 2020 unaosema alipimwa kabla ya Live Aid, kisha ukautumia kuthibitisha filamu, umeiuliza filamu kama inasema kweli, nayo imekujibu ndiyo. Anza na vilivyochapwa kabla ya 2018.

Onyo la pili: kumbukumbu si waraka wa wakati ule, lakini si takataka pia. Dai la VVU linasimama juu ya kumbukumbu. Jim Hutton, mwenza wake aliyeishi naye hadi mwisho, alichapisha kitabu mwaka 1994 na humo anaeleza kwamba Freddie alimpa habari mwaka 1987. Huyu alikuwa ndani ya nyumba, anaongelea jambo ambalo mtu hasahau, na aliandika miaka michache tu baadaye. Ni shahidi mzito. Bado ni shahidi wa siku aliyoambiwa, si wa siku ya kipimo. Faili la daktari halipo hadharani, na halipaswi kuwepo.

Onyo la tatu: usigeuze uwezekano kuwa uthibitisho. Kuna wanaosema "mwaka 1985 kipimo hakikuwepo". Kilikuwepo. Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza Machi 1985, na Uingereza ilianza kupima damu ya wachangiaji Oktoba mwaka huo. Hilo linaonyesha kwamba Julai 1985 kupimwa London halikuwa jambo la kila siku, basi. Haliwezi kukuambia huyu mtu alipimwa lini.

Hatua ya 6. Andika hukumu kwa neno moja kati ya matatu: imethibitika, imekanushwa, haina ushahidi. Bendi kuvunjika: imekanushwa. Kuwaambia wenzake ana virusi wakati wa mazoezi ya Live Aid: haina ushahidi, na shahidi bora tuliye naye anaelekeza 1987. Msichanganye haya mawili, ndiyo yanayoleta ugomvi humu.

MASWALI

Chuma_Mboga: Mkuu maelezo marefu. Kwa kifupi filamu ni kweli au uongo?

Mwandishi: Rudi hatua ya 1.

Chuma_Mboga: Sasa si ungesema tu.

Mwandishi: Nimesema. Hukumu mbili ziko hatua ya 6, mistari minne.

Dada_Makumbusho: Asante kwa somo. Umetaja daftari la usajili lakini hukulitumia. Je, cheti cha kifo chake mtu wa kawaida anaweza kukipata? Na kingesaidia kitu kwenye dai la pili?

Mwandishi: Swali zuri dada yangu. Kwa England na Wales, ndiyo. Vyeti vya vifo viko wazi, mtu yeyote anaagiza kwa kulipia kwenye ofisi kuu ya usajili, General Register Office, hata kama si ndugu wa marehemu. Unahitaji jina, mwaka na eneo. Yeye alifariki 24 Novemba 1991 nyumbani kwake Kensington, London. Cheti kinakupa tarehe, mahali, kazi ya marehemu, sababu ya kifo na aliyetoa taarifa. Kwa dai la pili kinasaidia kidogo sana: kinasema alikufa kwa nini, hakisemi aliambukizwa lini wala alijua lini. Tangazo lake kwa umma lilitoka tarehe 23, siku moja kabla, nalo ni hivyohivyo. Wosia nao uko wazi kule baada ya mahakama kuupitisha, na huo ni mzuri kwa dai la nani alikuwa karibu naye. Filamu inamwonyesha Hutton kama mhudumu kwenye sherehe, wakati alikuwa kinyozi. Watu waliotajwa kwenye wosia hawakuwekwa pale na mwandishi wa filamu.

Dada_Makumbusho: Kwa hiyo kila waraka una swali lake.

Mwandishi: Hasa. Jiulize karatasi ilitengenezwa ili kuthibitisha nini. Nje ya hapo inabahatisha kama sisi.

Bwana_Ukweli: Nimeona tovuti tatu zinasema 1985. Tatu kwa moja, wewe ndiye unapotosha.

Mwandishi: Zimeandikwa mwaka gani na zinamtaja nani aliyekuwepo?

Bwana_Ukweli: Sijaangalia ila ni tovuti kubwa.

Mwandishi: Angalia kwanza. Onyo la kwanza, hatua ya 5. Tovuti tatu zikinakili pahali pamoja ni chanzo kimoja.

Mtoto_wa_Shangani: Huku kwetu Unguja watalii wanapelekwa kwenye jengo Shangani, wanaambiwa ndipo alipozaliwa. Lina kibao kabisa. Hicho si ushahidi?

Mwandishi: Ndugu yangu, kibao ni ushahidi kwamba mtu alibandika kibao. Alizaliwa hospitali ya serikali, Mji Mkongwe, 5 Septemba 1946, kwa jina Farrokh Bulsara. Kuzaliwa na kukaa ni mambo mawili, na nyumba ambazo familia ilikaa ni swali jingine. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni. Wewe uko hapohapo, na Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Mtu wa serikali huacha karatasi: orodha za watumishi, magazeti ya serikali. Ningeanzia huko kabla ya kumuuliza mwongoza watalii. Ukipata kitu, piga picha na ukurasa wa mbele wa faili, si ukurasa ule mmoja tu.

Mtoto_wa_Shangani: Sawa kaka. Kwa nini ukurasa wa mbele?

Mwandishi: Namba ya faili iko pale. Bila namba, mwenzio hawezi kuliomba tena akaona ulichokiona.

Mwalimu_Eldoret: Njia hii inafaa kwa mzee Kimani Maruge? Filamu yake ya 2010 inasema alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 84.

Mwandishi: Inafaa, mwalimu, na ni mfano mzuri wa kugawa dai. Kwamba aliandikishwa Kapkenduiywo Januari 2004 kuna magazeti ya wakati ule. Miaka 84 ni kitu kingine: yeye mwenyewe alisema aliamini amezaliwa 1920, na hakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Andika "kwa maelezo yake mwenyewe". Kwa wazee wetu wengi hilo ndilo utakalopata.

Kasuku70: Nyongeza ndogo. Nimehangaika kutafuta magazeti ya miaka ya sitini kwa jina Mercury, sipati kitu.

Mwandishi: Hutapata. Jina hilo alianza kulitumia mnamo 1970. Shuleni Panchgani, India, na chuo cha sanaa Ealing tafuta Bulsara, tena jaribu Farrokh, Fred, Freddie na Frederick, maana makarani huandika walivyosikia.

Kasuku70: Nimejaribu Fred Bulsara, limetoka moja. Naleta kesho.