Mashoto, badilisheni vitufe vya kipanya

Mashoto wenzangu, kwenye saiba moja hapa Malindi nilizoea kuhamishia kipanya kushoto bila kugusa mipangilio, na kidole cha kati ndicho kikabonyeza kutwa hadi kikaniuma. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Bluetooth & devices, kisha Mouse; penye Primary mouse button chagua Right. Inabadilika papo hapo: sasa kidole cha shahada ndicho kinachofungua.

Umbo la kipanya nalo lina neno. Chenye bonde la kidole gumba ubavuni kushoto kimechongewa mkono wa kulia. Dukani kitazame kwa mbele, pande zote mbili zilingane, na kisiwe na vitufe vya ubavuni kushoto, maana kidole cha pete huvigusa ukurasa ukarudi nyuma ghafla.

Kompyuta ikiwa ya saiba, rudisha Left kabla hujaondoka.