Waraka wa Ada Mpya: Jinsi ya Kuomba Kulipa kwa Awamu Zako

Katika shule zetu binafsi Tanzania, waraka wa ada mpya mara nyingi huja pamoja na ripoti ya mwisho wa mwaka. Tuchukue mfano: ada imepanda kutoka shilingi 1,800,000 hadi 2,100,000, na sababu zilizotajwa ni bei ya chakula, mishahara ya walimu na mafuta ya basi.

Anza na sababu hizo. Kama mwanao anaenda shule kwa miguu, muulize mhasibu kama basi limo ndani ya ada au lina malipo yake peke yake. Usigawanye awamu kabla ya kupata jibu.

Kisha pitia njia za malipo. Waraka wetu unatoa mbili: kulipa yote Januari kwa punguzo la asilimia 5, yaani 1,995,000, au kulipa awamu nne za 525,000, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Punguzo la 105,000 linavutia, ila kukopa kwa riba ili kulipata sioni faida yake.

Ikiwa zote mbili zinakushinda, andika barua kwa mkuu wa shule kabla shule haijafunguliwa. Taja jina la mtoto, darasa, tarehe ya waraka na ratiba yako kamili. Ombi la "naomba nifikiriwe" humwachia mhasibu kazi ya kubuni tarehe, na huishia mezani. Andika hivi:

"Naomba kulipa 300,000 ifikapo tarehe 5 Januari, kisha 200,000 kila mwisho wa mwezi, Februari hadi Oktoba. Kufikia mwisho wa Juni nitakuwa nimelipa 1,300,000, zaidi ya nusu ya ada."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Hofu ya shule ni kumaliza muhula wa kwanza ikiwa inadai, na hapo umeijibu kwa hesabu. Januari utakuwa nyuma ya ratiba yao kwa 225,000. Usilifiche hilo, litaje na useme mshahara wako unaingia lini.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikubali, omba jibu la maandishi lenye tarehe zote. "Hamna shida, mama" ya dirishani haifiki kwa mwalimu anayesimama getini na orodha ya wadaiwa, na mtoto atarudishwa nyumbani huku makubaliano yapo. Kikundi cha wazazi cha WhatsApp nacho si mahali pa kuombea jambo hili.

Ukilipa benki au kwa simu, tumia namba ya malipo ya mtoto mwenyewe. Ukiweka kwenye akaunti ya shule kwa jina lako tu, fedha zitaingia lakini deni la mtoto litabaki palepale. Peleka risiti kwa mhasibu, umwombe akuonyeshe salio jipya.