Vitenzi vya maneno mawili vya Kiingereza: anza na "out", si na "give"

Fungua orodha yoyote ndefu ya vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, utaikuta imepangwa kialfabeti: "give away", "give in", "give off", "give out", "give up". Ukifika cha tano, cha kwanza kimeshayeyuka kichwani. Si ajabu. Vitano hivyo vinashirikiana "give" tu, na hapo "give" ndiyo inayosema machache zaidi. Mzigo wa maana umebebwa na lile neno dogo la mwisho, ambalo hapa nitaliita kijineno.

Mimi hufundisha kwa kugeuza orodha: kijineno kimoja, ukurasa mmoja wa daftari, na vitenzi vyote vinavyokifuata vinakusanyika hapo kwa maana. Tutashughulika na "out" peke yake. Ndicho kijineno ambacho msemaji wa Kiswahili hukifungua kwa wepesi zaidi, na sababu iko kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma kuanzia nyuma

Kiswahili huuweka uelekeo ndani ya kitenzi: toka, ingia, panda, shuka. Namna ya kwenda, tukitaka kuitaja, tunaileta baadaye: alitoka akichechemea, alitoka mbio. Kiingereza hupenda kinyume chake. Namna inakaa kwenye kitenzi, uelekeo unaachiwa kijineno. "She limped out" ni alitoka akichechemea. "He crawled out" ni alitoka akitambaa.

Kwa hiyo ukikutana na kitenzi chenye "out", anza na hiyo "out" na uisome kama toka au toa. Halafu rudi kwenye kitenzi na uulize: kwa njia gani? "Wash out the stain" inakuwa kutoa doa kwa kuosha. "Cross out the word" ni kuliondoa neno kwa kulipiga mstari. "They talked him out of the plan" inatisha ukiisoma kuanzia mbele, lakini kuanzia nyuma ni nyepesi: walimtoa kwenye mpango, kwa njia ya maneno. Wakamshawishi auache.

Usiende hatua ya pili kabla jicho lako halijazoea kuruka moja kwa moja hadi kwenye kijineno. Chukua ukurasa mmoja wa Kiingereza, pigia mstari kila "out", na usijali vitenzi vyake kwanza.

Hatua ya 2: Chora boksi, kisha weka jicho

Juu ya ukurasa wako wa "out" chora boksi na mshale unaotoka. Hiyo ndiyo picha ya msingi, na wengi wanaofundisha kijineno hiki huichora. Kinachosahaulika ni kuchora jicho la anayetazama, na bila jicho hilo sentensi mbili kama hizi zitaonekana kupingana:

"The stars came out." Nyota zilionekana.
"The candle went out." Mshumaa ulizimika.

Aliyekariri kwamba "out" ni nje anakwama hapa: nje gani hiyo ambayo nyota zikienda zinawaka na mshumaa ukienda unazima? Weka jicho nje ya boksi. Kinachotoka kinalijia jicho, kwa hiyo kinaonekana au kinajulikana. Sasa lihamishie jicho ndani. Kinachotoka kinaliacha, kwa hiyo kinapotea au kinaisha. Kitenzi chenyewe hukusaidia kujua jicho liko wapi: "come" ni kuja kwa anayetazama, "go" ni kumwacha. Mshumaa haujatoka popote kwa miguu, lakini ndivyo lugha yenyewe inavyouona, na ukishauona hivyo nusu ya vitenzi vya "out" vinajipanga.

Hatua ya 3: Gawanya ukurasa mafungu manne

Fungu la kwanza ni kutoka kwenyewe, bila fumbo: "get out", "take out", "pull out". Humo humo weka kuondolewa kwenye orodha au kundi: "leave out", kuacha kitu bila kukijumuisha, "drop out", kuacha masomo au mashindano katikati, "rule out", kuliondoa jambo kwenye yale yanayowezekana. Halina shida, tusilikalie.

Fungu la pili ni kutoka mafichoni, jicho likiwa nje: "find out", "work out", "figure out", "point out", "turn out". Hapa ndipo pa kukaa. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni "I found out my keys", kwa maana ya nimeziona funguo zangu. Sahihi ni "I found my keys". Kinachotoka mafichoni kwenye "find out" ni habari, si kitu cha kushika mkononi: "I found out where my keys were", niligundua zilipokuwa. Kabla ya kuandika "find out", jiulize kama unachokitaja kinaweza kusimuliwa. Kama kinaweza tu kuokotwa, "out" iache.

"Turn out" nayo huwasumbua watu bure, maana sisi tuna neno lake tayari. "It turned out that the door was open" ni kumbe mlango ulikuwa wazi. Ukiona "it turned out", soma kumbe na uendelee.

Fungu la tatu ni kuisha, jicho likiwa ndani: "go out" kwa moto na taa, "die out" kwa viumbe au desturi zinazotoweka, "wear out" kwa vitu vinavyochakaa, "sell out", "run out". Angalia "run out" kwa karibu kidogo. Ina sura mbili: "The candles ran out" na "We ran out of candles". Ni kama mishumaa imeisha na tumeishiwa mishumaa. Sisi tunabadilisha umbo la kitenzi, wao wanaongeza "of". Ukiidondosha hiyo "of" na kuandika "we ran out candles", sentensi imevunjika.

Fungu la nne ni kugawa, kitu kikitoka sehemu moja kwenda kwa wengi: "hand out", "give out", "share out". Basi.

Hatua ya 4: Jaribu kwa kinyume

Usipojua kitenzi kiende fungu gani, tafuta kinyume chake. Mwalimu "hands out" karatasi, wanafunzi wanazijaza na "hand them in": kinyume ni "in", kwa hiyo kuna kutoka na kuingia kwa kweli. Jua likichomoza mawinguni "comes out", na Waingereza husema "the sun went in" likijificha tena. Lakini taa ikizimika, "went out", ikirudi haisemwi "came in". Inasemwa "came on". Kijineno cha kinyume kimebadilika, na hiyo ni alama kwamba hapa "out" ni ya hali ya kuwaka na kuzima, fungu la tatu. "Run out" haina kinyume cha namna hii kabisa, na hiyo pia ni dalili ya fungu la tatu: kilichoisha hakirudi kwa kubadilisha kijineno.

Hatua ya 5: Fanya kazi na kifungu kizima

Chukua kifungu hiki:

"The lights went out at eight. We looked for candles but we had run out. My brother found out that the shop had sold out too. A neighbour handed out torches, and it turned out that someone had left out the batteries."

Kisome kuanzia kwenye kila "out". Taa zinaliacha jicho: fungu la tatu, zilizimika. "Had run out" ni la tatu pia, tulikuwa tumeishiwa, na "of candles" haikurudiwa kwa sababu mishumaa imeshatajwa. "Found out" inafuatwa na habari nzima, kwa hiyo la pili. "Sold out" ni la tatu: duka nalo lilikuwa limemaliza kuuza yake yote. Jirani aligawa tochi, la nne. "It turned out", kumbe, la pili. Na betri ziliachwa bila kuwekwa, la kwanza. Vitenzi saba, mafungu yote manne, na hakuna kilichohitaji alfabeti.

Hatua ya 6: Andika sentensi, si kitenzi

Kwenye fungu usiandike "put out" peke yake. "They put out the fire" ni kuzima, fungu la tatu. "They put out a statement" ni kutoa taarifa, la pili. Kitenzi kimoja kinaweza kukaa mahali pawili, sentensi haiwezi.

Sentensi hukuonyesha pia mahali pa kiwakilishi. Nomino inaweza kukaa nyuma au katikati: "rule out the idea" na "rule the idea out" zote ni sawa. "It" na "them" hukaa katikati tu: "rule it out", "hand them out". Ukisoma kwa sauti, mkazo uweke kwenye "out".

Chini ya ukurasa bakiza nafasi ya wakaidi. "They fell out" ni waligombana, "she works out every morning" ni anafanya mazoezi ya mwili. Unaweza kulazimisha picha ya boksi hata hapo, lakini kulazimisha kunachukua muda mrefu kuliko kukariri. Wako wachache, wakariri.

Mpaka wa njia hii ni huu: fungu linakusaidia kuelewa unachosoma, halikupi ruhusa ya kuunda. "Find out" ipo, "know out" haipo, hata kama fungu la pili lingeikaribisha. Tumia ulichokikuta kimeandikwa au kimesemwa.

Ukurasa unaofuata uwe wa "up", ukiwa na fungu lake la kumaliza kabisa: "eat up", "use up", "drink up". Hapo utaona kwa nini "out" ilitangulia, kwa sababu "up" na "out" zote zinagusa kuisha lakini si kwa njia moja. "The paper burned up": moto uliila karatasi yote. "The fire burned out": moto wenyewe ulikosa cha kula ukazimika. Ziandike sentensi hizo mbili moja chini ya nyingine, katikati ya kurasa mbili, kabla hujaanza kujaza mafungu mapya.