Namna ya kuzuia maji ya zimamoto yasifike mtoni: mfano wa ghala la viuatilifu

Ghala la viuatilifu linapoungua, sumu iliyokuwa imefungwa ndani ya chupa na mifuko hutoka kwa njia mbili: moshi, na maji tunayoyamwaga sisi wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel nchini Uswisi. Moto ulizimwa, lakini maji ya kuuzimia yalibeba viuatilifu hadi mto Rhine, yakaugeuza rangi kuwa nyekundu na kuua mikunga kwa umbali mrefu kuelekea chini, kwa sababu pale hapakuwa na bwawa la kuyapokea. Maghala yetu mengi ya pembejeo yako katika hali hiyohiyo, na mara nyingi mtaro wa barabarani uko hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mwongozo huu ni kwa askari wa zimamoto na kwa mwenye ghala. Nitautumia uwanja mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Uwanja huo una urefu wa mita 50 na upana wa mita 30, umesakafiwa kwa zege, na pande mbili za urefu zina ukuta wa tofali. Ghala limejengwa upande wa juu. Mita 30 za chini ni wazi, zinateremka kuelekea lango la kuingilia malori, na nje ya lango kuna mtaro unaomwaga maji kwenye kijito.

Hatua ya 1: Jua maji yanaelekea wapi kabla ya siku ya moto

Usiyaamini macho. Mwaga ndoo mbili za maji mlangoni mwa ghala, kisha uyafuate hadi yanakoishia. Baada ya hapo chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi ujenzi huutumia kupimia levo, upime tofauti ya kimo kati ya mlango wa ghala na lango. Katika uwanja wetu tofauti ni sentimita 30 kwa mita 30, yaani mteremko wa asilimia 1.

Fungua kila chemba, na uulize kila tundu la sakafuni linatokea wapi. Hili nilijifunza kwa aibu. Katika moto mmoja tuliziba mtaro wa nje kwa viroba vya udongo, tukasimama tukitazama bwawa letu likijaa vizuri, na baada ya nusu saa kijana mmoja akaja mbio kutuambia kwamba povu jeupe linatoka kwenye kalavati, mita zipatazo 80 kutoka pale. Ndani ya ghala, chini ya mbao zilizopangiwa mizigo, kulikuwa na tundu la kuoshea sakafu lililounganishwa na bomba la maji ya mvua, na hakuna aliyekuwa amelichora popote. Dawa yake ni kumwaga maji yaliyotiwa rangi ya chakula kwenye kila tundu, mtu mmoja akiwa amesimama kwenye kalavati. Tundu ambalo halina kazi lizibwe kwa zege. Lenye kazi litengenezewe kizibo cha mpira kinachoning'inizwa ukutani karibu nalo.

Tembea pia kuteremka mtaro, ukiandika kilipo kila kisima, bustani ya mboga na mahali ng'ombe wanaponywea.

Hatua ya 2: Kadiria ujazo

Tuseme tunatumia mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 450 kwa dakika, kwa muda wa dakika 90. Hizo ni lita 81,000, au mita za ujazo 81. Sehemu fulani itageuka mvuke, lakini usiitoe kwenye hesabu, kwa kuwa hujui ni kiasi gani. Ongeza mvua: milimita 20 zikinyesha juu ya uwanja wote wa mita za mraba 1,500 huleta mita za ujazo 30. Tunahitaji basi nafasi ya mita za ujazo 111.

Sasa tazama uwanja unaweza kushika nini. Tukijenga tuta kukatiza lango na upande wote wa chini, na kuyaacha maji yapande hadi sentimita 30 kwenye tuta, bwawa litarudi nyuma mita 30 hadi usawa wa mlango wa ghala, kisha litakwisha. Umbo lake ni kama kabari, kwa hiyo ujazo ni nusu ya 0.3 mara 30 mara 30, yaani mita za ujazo 135. Uwanja unatosha, lakini ziada ni ndogo.

Mteremko ndio unaoamua zaidi kuliko ukubwa wa uwanja. Uwanja huohuo ungekuwa na mteremko wa asilimia 2, tuta lilelile lingeshika nusu tu, takriban mita za ujazo 67, na zile 44 zilizobaki zingehitaji boza la lita 10,000 lizizoe mara tano wakati moto unaendelea. Mwenye uwanja wa namna hiyo anapaswa kujua mapema boza litatoka wapi na litakwenda kumwaga wapi.

Hatua ya 3: Jenga tuta sambamba na mpira wa kwanza

Kwa lita 900 kwa dakika, dakika kumi za mwanzo zinatosha kutoa mita za ujazo 9. Kwa sababu hiyo kamanda wa tukio hatakiwi kusubiri moto upoe ndipo apeleke watu kwenye mtaro. Watu wawili waende huko moja kwa moja, na viroba 40 vya udongo viwe vimehifadhiwa karibu na lango tangu awali, chini ya turubai, maana sandarusi huoza kwa jua.

Viroba hivyo ni vya kuzuia kwa muda tu. Tuta kamili lina kimo cha sentimita 40, ili sentimita 10 za juu zibaki kavu, na upana wa mita 1.2 chini, na kwa upana wote wa uwanja, mita 30, linakula udongo wa takriban mita za ujazo 7. Agiza tipa mbili, kwa kuwa udongo hupotea na pembe za ukutani hunywa zaidi ya unavyotarajia. Tumia udongo wa mfinyanzi, sio mchanga, kwa kuwa mchanga hupitisha maji. Fagia vumbi kwenye zege kwanza, tandika safu nyembamba ya udongo uliolowa, ikanyage, ndipo uendelee kupandisha. Upande wa maji funika kwa nailoni nzito, ukunjo wake wa chini ukandamizwe kwa viroba. Kagua pia ukuta wa tofali: matundu ya kutolea maji ya mvua yaliyoachwa chini yake huwa yanasahaulika.

Tuta likianza kushindwa, upande wa nje hubadilika rangi kwanza na kuwa na unyevu karibu na kitako, kisha maji huchuruzika. Yakichuruzika meupe, tuta linavuja polepole. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unasombwa na una dakika chache tu za kuongeza viroba upande wa nje.

Kama uwanja ni wa changarawe au udongo mtupu, hesabu yote ya hapo juu ni ya udanganyifu, kwani maji hayatasubiri kwenye bwawa bali yatazama. Hapo sehemu ya chini itandikwe nailoni kwanza, na kamwe usichimbe shimo la kukusanyia maji bila kulitandika. Shimo la namna hiyo huyasogeza maji karibu zaidi na kisima.

Hatua ya 4: Punguza unachomwaga

Lita ambayo haikumwagwa haihitaji tuta. Iwapo ghala limeshashika lote na hakuna mtu ndani, kuna wakati uamuzi bora ni kulinda majengo ya jirani na kuuacha moto ule kilichopo. Uamuzi huu una mipaka: haufai ikiwa moshi unaelekea kwenye makazi yasiyoweza kuhamishwa, wala ikiwa moto ni wa kufukuta, kwa kuwa moto hafifu hauichomi sumu, huitoa tu hewani.

Povu husaidia kupunguza maji pale ambapo viuatilifu vya majimaji vyenye viyeyushi vinaungua, lakini nalo ni uchafuzi. Soma pipa kabla ya kulifungua. Dawa ya povu ya zamani iliyoandikwa AFFF huwa na kemikali za floraini zisizooza. Mbili kati ya hizo zimeingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza: PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Hata povu lisilo na floraini, likifika kijitoni kwa wingi, linapooza huteketeza oksijeni ya maji, na samaki huonekana wakihema juu.

Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kupiga maji juu ya povu lililojaa uwanjani ili liyeyuke, jambo linaloongeza ujazo. Zile sentimita 10 za juu ya tuta ni kwa ajili yake, liache litulie. La pili ni kutegemea kitenganishi cha mafuta, au tuta lenye bomba la kupitisha maji ya chini na kuacha mafuta juu. Povu huchanganya mafuta na maji, na viuatilifu vingi vimeyeyuka au vimetawanyika katika maji yote, kwa hiyo hakuna kinachobaki juu cha kuzuiwa. Hapa bomba lolote ni tundu.

Hatua ya 5: Visima na kijito

Mara tuta linaposimama, mtu mmoja aende kwenye visima vya upande wa chini na kuzima pampu zake. Kisima kinachovutwa maji huvuta pia maji ya ardhini yaliyo karibu nacho, pamoja na kilichomo. Visima vya mdomo wazi vifunikwe, na tuta dogo lizungushwe kwenye kingo. Waambie wenyeji kwa maneno yanayoeleweka: maji haya yana sumu, hata ukiyachemsha sumu haitoki.

Chukua sampuli tatu: ndani ya bwawa, kijitoni juu ya mahali mtaro unapoingilia, na kijitoni chini yake. Kwa viuatilifu tumia chupa ya kioo yenye rangi nyeusi au kahawia, ijazwe hadi juu, iwekwe kwenye barafu. Ikiwa unapima kemikali za floraini, chukua chupa nyingine ya plastiki, kwani hizo hung'ang'ania kwenye kioo. Bodi ya maji ya bonde husika na NEMC, baraza la taifa la mazingira la Tanzania, wapewe taarifa siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kuondoa maji

Majibu ya maabara yanaweza kuchukua siku kadhaa, na katika siku hizo adui ni mvua. Funika unachoweza kwa turubai, chepusha maji ya paa, na uhamishie kwenye matangi kadiri unavyoweza ili bwawa lirudi chini. Gari la majitaka linaweza kuyabeba, lakini lisiyapeleke kwenye mabwawa ya majitaka ya mji bila kibali cha mamlaka inayoyaendesha, kwa sababu viuatilifu vinaweza kuwaua bakteria wanaosafisha maji hayo, na mji mzima ukaanza kumwaga majitaka ghafi mtoni.

Bwawa likikauka, tope lililobaki kwenye zege likwanguliwe na kuwekwa kwenye mapipa yenye vifuniko, pamoja na nailoni, viroba na udongo wote wa tuta. Watu watauomba udongo ule kwa ajili ya kujazia mashimo au kukandikia nyumba, maana unaonekana mzuri. Wasipewe hata koleo moja.